Lango lililoshinda mkunjo

Mwaka 2017 watafiti waliobuni transfoma, muundo unaobeba modeli kubwa za lugha za leo, waliweka ndani ya kila tabaka lake sehemu mbili. Ya kwanza hutazama maneno yanavyohusiana, na ndiyo iliyopata sifa zote. Ya pili hulichukua kila neno peke yake, likiwa limeshageuzwa kuwa safu ya namba 512, ikaitanua safu hiyo kuwa namba 2048, kisha ikairudisha kuwa 512. Katikati ya kutanua na kurudisha pana kanuni ndogo inayoamua namba zipi zipite. Bila hiyo, hesabu hizo mbili zingeweza kuunganishwa kuwa moja, na kutanua kusingekuwa na faida yoyote.

Kanuni waliyoichagua ni ReLU, nayo ni rahisi kupindukia: namba chanya hupita ilivyo, hasi hugeuka sifuri. Mbili hubaki mbili. Hasi nusu na hasi tatu zote hutoka sifuri. Tatizo ni kwamba modeli hujifunza kwa kufuata mteremko wa makosa yake, na upande wa hasi ReLU ni tambarare kabisa. Neuroni ikisukumwa huko kwa kila mfano inaopewa, haipati tena ishara ya kuirekebisha. Imekufa. Kuigundua si kazi: mhandisi hupitisha maelfu ya sentensi na kuhesabu neuroni ambazo hazikutoa chochote zaidi ya sifuri.

Dan Hendrycks na Kevin Gimpel walikuwa wamependekeza dawa mwaka 2016, GELU. Hii huizidisha namba kwa uwezekano wa kuwa kubwa kuliko namba nyingine iliyochotwa kwa bahati kutoka mgawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele. Kwa hiyo mbili hutoka takriban 1.95, hasi nusu hutoka hasi 0.15, na hasi tatu hukaribia sifuri. Kona kali ya ReLU inakuwa mkunjo laini, na hata namba hasi ndogo huacha alama. BERT na GPT ya kwanza, zote za mwaka 2018, zilitumia GELU, na wengi wakaamini kuwa siri imo katika ulaini huo.

Imani hiyo ilipata mtihani mwaka 2020, Noam Shazeer wa Google alipolinganisha kanuni hizi ndani ya modeli moja ya aina ya T5, iliyofunzwa kujaza maneno yaliyofutwa katika maandishi. Kipimo cha makosa, ambacho kikiwa kidogo ndiyo vizuri, kilikuwa 1.677 kwa ReLU na 1.679 kwa GELU. Kwa maneno mengine, mwisho wa mafunzo mkunjo peke yake haukuleta nafuu yoyote.

Kilicholeta nafuu ni lango, wazo ambalo Yann Dauphin na wenzake walikuwa wamelitumia awali katika mitandao ya aina nyingine. Badala ya kutanua safu mara moja, hutanuliwa mara mbili, kwa majedwali mawili tofauti ya namba. Safu moja hubeba yaliyomo. Nyingine hupitishwa kwenye kanuni kama GELU na kuwa lango, kisha safu hizo huzidishwa namba kwa namba. Tuseme yaliyomo ni 4: lango likiwa nusu, hutoka 2, likiwa sifuri, hakuna kitu, likiwa 3, hutoka 12. Kinachopita katika safu moja sasa kinategemea kilichoonekana katika nyingine, jambo ambalo ReLU ya kawaida haifanyi.

Lango lenye GELU lilipata 1.633. Hata lango lililobaki na ReLU yenye kona yake lilipata 1.645, likiiacha mbali GELU isiyo na lango. Kwa nini hasa? Shazeer hakutoa maelezo. Aliyahusisha mafanikio hayo na rehema za Mungu, na ni nadra kukuta unyofu wa namna hiyo katika makala za kitaalamu.

Jedwali la ziada lina gharama, hivyo ili ulinganisho uwe wa haki upana hupunguzwa hadi theluthi mbili. LLaMA ya mwaka 2023 yenye vigezo bilioni 7 inaonyesha hesabu hiyo wazi. Safu yake ina namba 4096. Mara nne ni 16384. Theluthi mbili yake ni kama 10923, ikapandishwa hadi 11008 ili igawanyike kwa 256, jambo linalorahisisha kazi ya chipu. Kanuni ya lango lake inaitwa SiLU, ndugu wa karibu wa GELU, na muundo mzima hujulikana kama SwiGLU.

ReLU nayo haijazikwa. Sifuri zake ni sifuri kamili, na palipo na sifuri kompyuta inaweza kuruka hesabu nzima inayofuata. GELU na SiLU huacha vipande vidogo ambavyo lazima vizidishwe. Mwaka huohuo wa 2023 watafiti wa Apple walionyesha kuwa modeli kubwa zikirudishiwa ReLU na kufunzwa tena kidogo, hupoteza ubora kidogo tu, huku zikipunguza sana hesabu wakati wa kuzalisha maandishi.