Picha ya Simu Haipimi Mtoto

Mtoto wa miaka miwili amesimama sebuleni na gauni lake la Idi. Mama yake, naye amesimama, anampiga picha kwa simu na kuirusha kwenye kundi la familia. Haupiti muda, shangazi anauliza: "Mbona kichwa kikubwa na miguu mifupi hivyo? Mmeshamwonyesha daktari?" Usiku ule mama hapati usingizi. Anafungua picha moja baada ya nyingine na kila moja inampa hofu mpya.

Kabla ya kumtazama mtoto, tutazame simu ilikuwa wapi. Tuseme mtoto ana urefu wa sentimita 86, simu imeshikwa sentimita 150 kutoka sakafuni, na mama yuko mita moja mbele yake. Kutoka kwenye simu hadi utosini ni karibu sentimita 120, lakini hadi nyayoni ni 180. Kilicho karibu na kamera huonekana kikubwa, kwa hiyo kichwa kimekuzwa mara moja na nusu kuliko miguu. Juu ya hayo, miguu imetazamwa kutoka juu, ikazidi kufupika. Mama angerudi nyuma mita nne, akachuchumaa mpaka simu iwe usawa wa kitovu cha mtoto, tofauti hiyo ingetoweka karibu yote.

Hata picha iliyopigwa vizuri bado inaweza kumtisha mzazi, kwa sababu anamlinganisha mtoto na umbo la mtu mzima. Kichwa cha mtoto mchanga huchukua karibu robo ya urefu wake wote, cha mtu mzima kama sehemu moja ya nane. Huyu wa miaka miwili yuko katikati ya safari: kichwa ni kama sehemu moja ya tano, yaani sentimita 17 hivi. Kutoka kwenye kinena hadi kisigino ana karibu sentimita 36, na 50 zilizobaki ziko juu. Nusu hizo mbili hukaribia kulingana anapofika umri wa kati ya miaka saba na kumi. Miguu nayo ina ratiba yake. Watoto wengi huwa na matege kidogo hadi karibu miaka miwili, kisha magoti huelekeana wakiwa na miaka mitatu au minne, na hunyooka kufikia miaka saba hivi.

Upande wa pili wa picha ni wa hatari zaidi, nao ni kutuliza pasipostahili. Mtoto aliyedumaa mara nyingi ana umbo linalolingana vizuri, ila ni mfupi kwa umri wake. Mtoto wa miaka mitatu mwenye sentimita 85 atapendeza pichani kama mtoto mwenye afya wa miaka miwili, na hakuna atakayeuliza kitu. Kwenye chati ya ukuaji yuko chini ya mstari wa udumavu.

Ndiyo maana kliniki hutumia ubao wa kupimia. Aliye chini ya miaka miwili hulazwa. Mtu mmoja hushika kichwa, mwingine hunyoosha magoti. Kuanzia miaka miwili husimama bila viatu, visigino vimegusa ubao, na nywele zilizofungwa juu hufunguliwa. Mzunguko wa kichwa hupimwa kwa tepi, kupita juu ya nyusi na sehemu ya kisogo iliyochomoza zaidi. Vipimo hivyo huwekwa kwenye chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2006, zilizotokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Nukta moja haisemi mengi. Daktari anatazama mstari: je, mtoto anafuata njia yake, au ameanza kuporomoka? Je, kichwa kinakua haraka kuliko kilivyokuwa kikienda?

Yapo maradhi ya mifupa yanayobadilisha uwiano wa mwili kweli, kama akondroplasia, ambapo mikono ya juu na mapaja huwa mafupi. Hata hapo daktari hapitishi uamuzi kwa jicho. Hupima kimo cha mtoto akiwa ameketi na urefu wa mikono iliyotandazwa, huagiza eksirei ya mifupa, na ikibidi kipimo cha vinasaba.

Picha za mama hazijapoteza kazi. Kama tege la mguu mmoja linazidi, picha zenye tarehe zitamwonyesha daktari lilianza lini. Lakini azibebe pamoja na kadi ya kliniki. Na kama kadi hiyo haijajazwa kwa miezi mingi, hilo ndilo la kushughulikia kwanza, kabla ya kumjibu shangazi.