Ombi la Kuelekezwa Njia Lisilotaja Mwanzo, Usafiri wala Kikomo

Tumekwisha kuona kwamba sentensi huweza kukamilika kisarufi ilhali msikilizaji hawezi kuitumia. Mfano ulio wazi wa jambo hili ni ombi la kuelekezwa njia. Tutachukua ombi moja, tulifuatilie mpaka lijibike, na njiani tuchunguze ni viungo gani vya sarufi vinavyoruhusu mapengo yake na ni vipi vinavyotumika kuyaziba. Mahali petu pa mfano ni Mutakura, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, katika zoni ya Cibitoke, komini ya Ntahangwa. Tumeuchagua kwa sababu majina ya huko humlazimisha mwenye kuelekeza aulize kabla ya kujibu.

Tuseme kijana anampigia simu mjomba wake anayekaa Mutakura. Kuna msiba nyumbani kwa mjomba, na maiti itaondoka kwenda kuzikwa saa nne asubuhi. Kijana anasema:

(1) Mjomba, naomba unielekeze njia ya kwenda Cibitoke. Nataka nifike msibani kabla ya saa nne.

Mwanafunzi akiichanganua sentensi ya kwanza hataona kasoro. Kitenzi *naomba* kimefuatwa na kitenzi cha dhamira tegemezi *unielekeze*, chenye kiambishi cha mtendwa *-ni-*. Nomino *njia* imefafanuliwa na kirai *ya kwenda Cibitoke*. Kila neno limekaa mahali pake. Hata hivyo mjomba hawezi kujibu, kwa kuwa hajaambiwa kijana yuko wapi, anasafiri kwa chombo gani, na anakusudia Cibitoke ipi.

Chanzo cha mapengo hayo kimo ndani ya kitenzi *-enda*. Kitenzi hiki hudai mahali pa kufikia tu. Mahali pa kuanzia hapadai, wala chombo cha safari hakidai, na msemaji anaweza kuviacha vyote viwili bila sentensi kuyumba. Linganisha na *-shuka*. Kijana angeuliza "Nishukie wapi?", mjomba angejua mara moja kwamba mpwa wake yumo ndani ya basi au amepakiwa kwenye pikipiki, kwa maana mtu atembeaye kwa miguu hashuki njiani ila kwenye mteremko. Angeuliza "Nipitie wapi?", tungejua kwamba mwisho wa safari anaufahamu na kinachomtatiza ni kati ya safari. Kwa hiyo tuwazoeze wanafunzi kukichunguza kitenzi cha ombi kabla ya kuyatazama maneno mengine, kwani mara nyingi taarifa wanayoitafuta imo humo, au upungufu wake unaonekana humo.

Majina ya mahali nayo hayasaidii. Nomino ya kawaida hupokea kiambishi *-ni* ikawa *sokoni* au *msibani*, na kiambishi hicho hakisemi kama mtu anakwenda, anatoka au amekaa. Jina la pekee halipokei hata hicho: hatusemi *Mutakurani*. Katika "anatoka Mutakura", "anakwenda Mutakura" na "anakaa Mutakura" jina ni lilelile, na uelekeo wote umebebwa na kitenzi. Ndiyo maana ujumbe mfupi kama "Nielekeze Mutakura" una maana mbili: mtu anataka kufika Mutakura, au tayari yuko Mutakura na amepotea humo.

Sasa tuanze kuziba. Mjomba aanze na swali lipi? Wako walimu wanaofundisha maswali matatu kwa mpangilio usiobadilika, nasi hatuoni sababu ya kufanya hivyo. Aanze na lile ambalo jibu lake laweza kuibadili safari yote. Katika mfano wetu ni swali la kikomo, ingawa kijana anadhani amekwisha kukitaja. Cibitoke ni zoni ya mji wa Bujumbura, na Cibitoke ni pia mji mwingine ulio mbali kaskazini-magharibi mwa nchi, ambao kwa miaka mingi ulikuwa makao ya mkoa wenye jina hilohilo. Zamani ingetosha kuongeza "ya Bujumbura". Baada ya mikoa kupunguzwa hadi mitano mwaka 2025, eneo la uliokuwa mkoa wa Cibitoke liliingizwa katika mkoa mpya wa Bujumbura, kwa hiyo Cibitoke zote mbili ni za Bujumbura. Kijana akiwaambia watu wa kituo cha mabasi "Nakwenda Cibitoke ya Bujumbura", hajatenganisha kitu. Kinachotenganisha ni jina dogo zaidi: Mutakura.

Lakini Mutakura nayo ni mtaa mzima, si mlango wa nyumba. Swali "Mutakura wapi?" ni sahihi, ila hujibiwa kwa urahisi mno: "Kwa mjomba." Ni heri kuuliza kwa kipimo kinachotumiwa na wenyeji, na huko kipimo ni avenyu, ambazo hutajwa kwa namba.

(2) Mutakura avenyu ya ngapi?

Hapa pana jambo la sarufi linalostahili kipindi kizima. *Avenyu ngapi?* ni swali la idadi, na jibu lake ni *avenyu saba*, yaani saba kwa kuhesabu. *Avenyu ya ngapi?* ni swali la nafasi katika mfuatano, na jibu lake ni *avenyu ya saba*. Kihusishi *ya* ndicho kinachozitenga maana hizi. Mwanafunzi akikidondosha katika maelekezo na kuandika "pita avenyu saba", msomaji atahesabu barabara saba na kuipita aliyotakiwa kuingia.

Hata kihusishi kikiwepo, utata mwingine unabaki. "Ingia avenyu ya tatu" yaweza kuwa ile ambayo jina lake ni ya tatu, au ile ya tatu utakayokutana nayo tangu hapo ulipo. Anayeingia mtaani kutoka upande ambako namba zinaanzia huenda asione tofauti. Anayeingia kutoka upande wa pili atajikuta mbali. Tuwafundishe wanafunzi kutumia kishazi rejeshi: "avenyu inayoitwa ya tatu" kwa jina, "avenyu ya tatu utakayoikuta" kwa hesabu. Tena avenyu zenye namba si za Mutakura peke yake. Buyenzi, Bwiza na Cibitoke yenyewe wanazo, basi namba isiyofuatana na jina la mtaa haimfikishi mtu popote.

Swali la pili ni la mwanzo, na hapa walimu wengi huwapa wanafunzi "Unatoka wapi?" Tunashauri mnyambuliko wa kutendea:

(3) Utatokea wapi?

Tofauti si ndogo. "Unatoka wapi?" huweza kueleweka kuwa swali la asili ya mtu, na kijana wetu, ambaye kwao ni Uvira, atajibu "Uvira" hata kama usiku wa jana alilala Buyenzi kwa rafiki. "Utatokea wapi?" hutaja mahali ambapo safari hii itaanzia. (Mwanafunzi mwerevu atakumbusha kwamba *-tokea* ni pia kuonekana na kupata kuwa, kama katika "jambo limetokea". Ni kweli, ila nafsi ya mtu pamoja na *wapi* huondoa utata huo.) Akiwa bado Uvira, atavuka mpaka na kuingia mjini kwa barabara ya Gatumba, akitokea magharibi. Akiwa Buyenzi, amekwisha kuwa ndani ya mji. Maneno *kushoto*, *kulia*, *ng'ambo ya barabara* na *mwishoni mwa avenyu* hupata maana kutokana na mwanzo huo, na mtu akija kutoka upande wa pili, kushoto hugeuka kulia, na mwisho hugeuka kuwa mwanzo. Ikiwa mwanzo haujulikani, mjomba atumie alama zisizogeuka pamoja na msafiri. Bujumbura inazo mbili kubwa: Ziwa Tanganyika liko magharibi na milima iko mashariki. "Ingia upande wa milimani" hubaki kweli kwa kila anayekuja.

Linabaki swali la usafiri, na hapa mwanafunzi hunaswa na lugha yenyewe. Kwa kuwa husema "kwa basi" na "kwa miguu", hudhani kwamba swali lake ni "Unakuja kwa nini?" Lakini *kwa nini* limekwisha kuwa neno la kuuliza sababu. Mpwa anayekwenda msibani akiulizwa hivyo na mjomba wake atadhani anakatazwa kuja. Tuulize basi "Unakuja kwa usafiri gani?" au, kwa uwazi zaidi, "Unakuja kwa basi, kwa pikipiki au kwa miguu?" Na tusilichukulie swali hili kuwa la adabu tu. Machi 2022 serikali ilizuia pikipiki, bajaji na baisikeli kuingia katikati ya mji wa Bujumbura. Maelekezo "pita katikati ya mji" yanamfaa aliye ndani ya basi, lakini katazo la namna hiyo likiwepo humfikisha mwenye pikipiki kwenye kizuizi. Aidha, mafuta yanapoadimika mabasi huwa machache, na mtu aliyekusudia kupanda hulazimika kutembea, mjomba atafanya vyema kuuliza pia "na basi likikosekana?"

Baada ya maswali hayo, ombi la kijana likiandikwa upya lingekuwa hivi:

(4) Mjomba, nitatokea Buyenzi kesho asubuhi, nami nakuja kwa basi. Naomba unieleze nishukie wapi, na kutoka hapo nifuate njia gani mpaka avenyu ya saba ya Mutakura.

Angalia neno *hapo*. Katika (4) linarejelea mahali pa kushukia palipokwisha kutajwa, kwa hiyo linakubalika. Lingetumika bila kitangulizi, kama katika "nifike hapo Mutakura", lingedai kwamba wasemaji wote wawili wanapajua mahali penyewe. Katika simu na barua, *hapa* ni hatari zaidi: "Toka hapa, uende moja kwa moja" ni hapa pa mwandishi, si pa msomaji.

Wakati wa kusahihisha, makosa ya namna hii yasichanganywe na makosa ya upatanisho. Mwanafunzi aliyeandika (1) hajavunja kanuni ya sarufi, wala hapaswi kupunguziwa alama za sarufi. Apunguziwe katika alama za mawasiliano, na pembeni aandikiwe swali ambalo mjomba angelazimika kumwuliza. Aliyeandika "avenyu saba" akikusudia "avenyu ya saba" amekosea kotekote. Aliyeandika "Unatoka wapi?" tusimkate alama: tumpe jibu "Uvira", kisha tumtake aendelee kuelekeza kutokana na jibu hilo.