Mwenye kuchafua alipe: lakini nani atamshitaki?

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumba, kwenye ukurasa huu mmezoea kusoma juu ya kofia, viatu vya kazi, vumbi la chini ya ardhi na maji ya kunywa. Leo tutasoma juu ya sheria. Usiseme: sheria ni kazi ya avoka, dispansari inaingiaje? Inaingia. Kuna magonjwa ambayo dawa peke yake haiyamalizi, kwa sababu mtoto akitibiwa leo, kesho atarudi kucheza katika udongo uleule uliomwuguza. Hapo dawa ya kweli ni kufunga mahali uchafu unapotokea, na mwenye nguvu ya kuamuru hivyo ni serikali ama tribinali.

Habari inayofundisha vizuri zaidi inatoka Mombasa, katika inchi ya Kenya. Pembeni ya mji ule kuna mtaa wa watu maskini unaoitwa Owino Uhuru, wenye watu karibu 3 000. Mwaka 2007 kiwanda kilianza kazi ukuta kwa ukuta na nyumba zao. Kilikuwa kinavunja batri za magari zilizokufa na kuyeyusha risasi iliyo ndani yake. Hatusemi risasi za bunduki. Tunasema yale madini mazito na laini ambayo kila fundi wa batri anayajua. Moshi uliangukia mapaa na sufuria, maji machafu yalipita kati ya nyumba, na wafanyakazi walirudi jioni na vumbi katika nguo zao.

Risasi ni adui mwenye hila. Mwili unaidhania kuwa chokaa ya mifupa, na unaiweka akiba ndani ya mifupa kama vile unavyoweka chokaa yenyewe. Katika damu inapungua nusu kwa muda wa mwezi mmoja hivi, lakini katika mifupa inakaa miaka makumi. Mama mwenye mimba anampa mtoto tumboni, na anayenyonyesha anampa katika maziwa. Mtu mzima anaona tumbo linamsokota, choo kinafunga, damu inapungua, mikono inakosa nguvu. Mtoto anaweza asionyeshe kitu, ila anachelewa kusema na kujifunza, na akili iliyopotea hivyo hairudi. Hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Mwaka 2009 kiwanda kile kilimwandika kazi mama mmoja, Phyllis Omido, ashughulike na uhusiano wa kiwanda na wenyeji. Akapewa kazi ya kutengeneza uchunguzi wa mazingira, ule unaotakiwa na sheria. Wataalamu walipotazama, wakasema kiwanda kiko karibu mno na watu, kihamishwe. Shauri lile halikufuatwa. Kisha mtoto wake mchanga akaugua. Waganga walitafuta malaria na homa ya matumbo, wakakosa. (Sisi wa dispansari tunaelewa: mtoto akija na homa, malaria ndiyo tunayoitafuta kwanza.) Mwishowe damu ilipimwa risasi, ikaonekana. Omido akaomba watoto wengine watatu wa mtaa wapimwe, na wote watatu walikuwa nayo. Basi akaacha kazi, akaanza kupigana kwa barua, kwa maandamano, na mwishowe kwa kesi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, lakini risasi ilibaki katika udongo na katika mifupa.

Hapa ndipo swali la kwanza linatokea: nani ana haki ya kusimama mbele ya tribinali? Zamani jibu lilikuwa gumu. Mwaka 1989, hukohuko Kenya, Profesa Wangari Maathai alishitaki ili kuzuia jengo la ngazi 60 lisijengwe katika bustani ya watu wote mjini Nairobi. Jaji alimfukuza bila hata kupima kama jengo lile lilikuwa baya au zuri. Alisema: wewe mwenyewe umeumia nini? Bustani ni ya wote, na jambo la wote ni la mwanasheria mkuu wa serikali. Angalia mtego huo. Kitu kikiwa cha wote, hakuna mtu aliyeumia kuliko mwenzake; na kama hakuna aliyeumia kuliko mwenzake, hakuna mwenye haki ya kushitaki. Mto ungekufa na tribinali ingekaa kimya.

Katiba mpya ya Kenya ya mwaka 2010 ilivunja mtego ule. Sasa kule mtu yeyote anaweza kushitaki kwa faida ya wengine, na katika jambo la mazingira hahitaji kuonyesha kwamba yeye mwenyewe au mtu mwingine amekwisha kuumia. Kwa mlango huo Omido, chama chake na wakaaji wachache waliingia tribinali ya mazingira ya Mombasa mwaka 2016, wakisema kwa niaba ya mtaa wote. Fikiri: kama kila mmoja wa watu 3 000 angetakiwa kuleta avoka wake, ni nani angefika?

Walishitaki kiwanda, na mwenye kiwanja, na wizara, na ile ofisi ya serikali inayotoa ruhusa za mazingira. Tarehe 16 Julai 2020 jaji alitoa hukumu. Aliamuru wakaaji walipwe shilingi za Kenya miliari 1 na milioni 300 kwa magonjwa na vifo. Tena aliamuru udongo usafishwe katika miezi 4. Usiposafishwa, zitolewe milioni 700 nyingine ili kazi ile ifanywe. Wengi wanasahau sehemu hiyo ya pili. Mwenye kuchafua ana madeni mawili: la watu na la mahali. Ukilipa watu na kuacha udongo vile ulivyo, watoto watakaozaliwa mwaka ujao watakuwa wagonjwa wapya.

Na nani alipe? Jaji aligawa mzigo. Kiwanda kilipewa sehemu 25 kwa 100. Ile ofisi ya mazingira ilipewa 40, sehemu kubwa kuliko zote. Msomaji atashangaa: mwenye kuchafua si kiwanda? Ndiyo, lakini sheria inatazama pia yule aliyekuwa na kazi ya kuzuia, akaona, akaacha. Hapo inaingia kanuni nyingine, ya tahadhari. Kanuni hiyo, iliyoandikwa na mataifa mjini Rio mwaka 1992, inasema: hatari ikiwa kubwa, usitumie upungufu wa hakika ya wataalamu kama sababu ya kungoja. Ofisi haina ruhusa ya kusema «tulete kwanza maiti, ndipo tutaamini». Kwa mtu wa mgodi si jambo geni. Ukiona mbao za kuegemeza mwamba zinalia, unatoka. Hungoji jiwe lianguke ili upate hakika.

Kesi haikuishia pale. Mwaka 2023 Korti ya Rufaa ilitengua malipo na kurudisha kesi nyuma. Tarehe 6 Desemba 2024 Korti Kuu ya juu kabisa ya Kenya ilirudisha hukumu ya kwanza. Hesabu wewe mwenyewe: kutoka mtoto kupimwa mpaka neno la mwisho, karibu miaka 15.

Sasa turudi kwetu Kongo. Katiba yetu ya mwaka 2006 inasema kila mtu ana haki ya mazingira yenye afya, na tena ana wajibu wa kuyatetea. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 imeandika kanuni zote mbili, ya tahadhari na ya mwenye kuchafua kulipa. Na Kodi ya Madini, vile ilivyogeuzwa mwaka 2018, ni kali: mwenye haki ya kuchimba analipa hasara iliyoletwa na kazi yake kwa watu, mali na mazingira, hata kama alifuata ruhusa zote. Hahukumiwi kwa uzembe. Anahukumiwa kwa hasara. Ili aepuke, ni yeye anayepaswa kuonyesha kwamba hasara ilitoka mahali pengine.

Lakini juu ya nani anasimama mbele ya tribinali, kwetu mlango si mpana kama wa Kenya. Desturi ya matribinali yetu ni kumwuliza mshitaki faida yake mwenyewe katika kesi. Kwa hiyo si busara chama kiingie peke yake. Tuseme mto wa kijini umechafuka, samaki wanaelea, watoto wanatoka vipele. Inafaa washitaki pamoja: mwenye shamba aliyepoteza mavuno, mzazi mwenye karatasi ya dispansari, na chama chenye hati yake ya serikali, kwani chama kisicho na hati si mtu mbele ya sheria. Uchafuzi ukiwa kosa la jinai, peleka mashitaka pia kwa parke, ambayo kazi yake ni kusema kwa niaba ya watu wote. Na tangu vita ilipoingia Bukavu mwezi wa pili 2025, swali la kwanza la kumwuliza avoka ni hili: tribinali gani inaweza kushika kesi yetu, na hukumu yake itatambuliwa wapi?

Kuna mlango mwingine, wa mbali. Mwaka 2022 Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye tribinali yake mjini Arusha. Mkaaji yeyote wa inchi za Jumuiya anaweza kushitaki serikali pale, si kompani. Mwaka 2014 chama kimoja cha Kenya kilizuia serikali ya Tanzania kutengeneza barabara ya lami kupita ndani ya Serengeti. Barabara ilikuwa haijajengwa bado, hakuna mnyama aliyekuwa amekufa. Lakini Arusha wanahesabu siku: una miezi 2 tu tangu tendo lifanyike au tangu ulijue. Ukifika katika mwezi wa tatu, mlango umefungwa, hata kama una haki.

Basi ushahidi uanze siku ileile. Maji yachotwe juu ya mahali panaposhukiwa na chini yake, siku moja, katika chupa safi zenye tarehe, saa na jina la mahali, mbele ya mashahidi wanaotia sahihi. Maji ya chini peke yake hayasemi kitu. Mpinzani atasema yalichafuka tangu mlimani. Damu ya kutafuta risasi ichotwe katika mshipa, baada ya kuosha ngozi vizuri, kwani tone la kidole lenye vumbi linadanganya. Na ichotwe mapema: mtoto akihamishwa miezi mitatu, damu itaonyesha kidogo, na mtu atasimama kusema hakuna kilichotokea. Mama, ukifika dispansari, mwambie mwuguzi aandike katika kitabu mahali mnapokaa na maji mnayokunywa, si jina la ugonjwa tu.