Siku 869: Jinsi ya Kutoa Tarehe kwa Tarehe

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ikaungana na Zanzibar tarehe 26 Aprili 1964. Zilipita siku ngapi katikati? Ukijaribu kuzihesabu kichwani unakutana na miezi ya siku 30 na ya siku 31, Februari ambayo haitabiriki, na mwaka mrefu wa 1964. Wanajimu, ambao hulinganisha matukio ya angani yaliyotengana kwa karne nyingi, waliondokana na usumbufu huo kwa kuipa kila siku namba moja inayoongezeka daima. Namba hiyo huitwa namba ya siku ya Juliani.

Mwanzo wa hesabu hii uliwekwa na msomi Joseph Scaliger mwaka 1583. Alichukua mizunguko mitatu iliyotumika katika kalenda za Ulaya, wa miaka 28, wa miaka 19 na wa miaka 15, akarudi nyuma hadi mwaka ambao yote mitatu ilianza pamoja. Ulikuwa mwaka 4713 kabla ya Kristo. Tarehe 1 Januari ya mwaka huo, kwa kalenda ya Juliani, ndiyo siku namba sifuri. Tangu hapo kila siku huongeza moja, bila kujali mwezi wala mwaka.

Kazi iliyobaki ni kuigeuza tarehe iwe namba. Kanuni yake ni hii:

```
N = s + (153*m + 2)/5 + 365*y + y/4 - y/100 + y/400 - 32045
```

Herufi `s` ni siku ya mwezi. Herufi `m` ni mwezi, lakini huhesabiwa kuanzia Machi: Machi ni 0, Aprili ni 1, hadi Februari ambayo ni 11. Herufi `y` ni mwaka ukijumlishwa na 4800. Kwa Januari na Februari punguza mwaka mmoja kwanza. Kila unapogawanya, chukua namba nzima na uache desimali.

Kwa nini mwaka uanze Machi? Kwa sababu hapo siku ya 29 Februari inaangukia mwishoni kabisa mwa mwaka, ambako haisumbui mwezi mwingine wowote. Tena, kuanzia Machi hadi Julai siku ni 31, 30, 31, 30, 31, jumla 153. Na Agosti hadi Desemba mpangilio ni uleule. Ndiyo maana 153 na 5 zimo ndani ya kanuni.

Tuifanyie kazi 9 Desemba 1961. Desemba ni 9, na mwaka unakuwa 6761. Miezi inatupa 275, na miaka 2467765. Miaka mirefu inaongeza 1690, inapunguza 67, inaongeza 16. Jumlisha na zile siku 9, kisha toa 32045: jibu ni 2437643. Kwa 26 Aprili 1964 njia ileile inatoa 2438512. Sasa toa namba kwa namba:

```
2438512 - 2437643 = 869
```

Siku 869 ndizo zilizopita. Ukitaka kuhesabu siku ya kwanza na ya mwisho zote mbili, ongeza moja.

Namba hiyohiyo inakupa pia siku ya juma. Igawanye kwa 7 utazame baki: 0 ni Jumatatu, 6 ni Jumapili. Namba ya uhuru inabakiza 5, yaani Jumamosi. Ya Muungano inabakiza 6, Jumapili. Kama baki halilingani na siku unayoijua, kuna kosa.

Jaribio hilo linafaa zaidi kwa tarehe za kale. Mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 alirekebisha kalenda, na Alhamisi tarehe 4 Oktoba ikafuatwa na Ijumaa tarehe 15. Kanuni ya hapo juu ni ya kalenda hiyo mpya. Ukiitumia kwa 4 Oktoba unapata 2299150, ambayo ni Jumatatu, na kati ya siku mbili zilizofuatana kunatokea pengo la siku 11. Kwa tarehe za kalenda ya zamani futa vipande vya 100 na 400, na mwishoni utoe 32083. Hapo 4 Oktoba inakuwa 2299160, na 15 Oktoba 2299161. Uingereza ilibadili kalenda mwaka 1752 tu, na Urusi 1918. Kwa hiyo kabla ya kukokotoa, jua kwanza hati iliandikwa kwa kalenda ipi.

Jambo la mwisho ni saa. Kwa wanajimu siku ya Juliani huanza adhuhuri ya Greenwich, ili usiku mmoja wa kutazama nyota usikatwe katikati. Kwa Afrika Mashariki hiyo ni saa tisa alasiri. Tukio la saa nne asubuhi, likiandikwa pamoja na saa zake, bado limo katika namba ya jana. Ukitoa tarehe tupu, kama tulivyofanya, hilo halikugusi. Ukichanganya tarehe tupu na vipimo vyenye saa, jibu linaweza kupotea kwa siku nzima.