Mstari wa Njano Kwenye Chupa ya Dawa

Katika duka la pembejeo linalohudumia wakulima wa nyanya, chupa mbili za dawa ya wadudu zinaweza kukaa rafu moja zikiwa na mstari uleule wa njano chini ya lebo. Moja ina profenofosi, nyingine ina lambda-sihalotrini. Mwanafunzi wa cheti cha ulinzi wa mazao akiulizwa ipi ni kali zaidi, mara nyingi hujibu kuwa zinalingana, kwa kuwa rangi ni moja. Jibu hilo si sahihi.

Rangi hutokana na kipimo kinachoitwa LD50, ambacho mwanasayansi Trevan alikipendekeza mwaka 1927. Ni kiasi cha sumu, kwa miligramu kwa kila kilo ya uzito wa mwili, kinachoua nusu ya wanyama wa majaribio, ambao kwa kawaida ni panya. Namba ikiwa ndogo, sumu ni kali, kwa sababu kidogo tu kinatosha kuua. Hapo ndipo wanafunzi wengi hujikwaa: wanaona 56 na 358, wanadhani 358 ndiyo hatari zaidi.

Shirika la Afya Duniani hutumia kipimo hicho kupanga viuatilifu. Kwa sumu inayomezwa, chini ya 5 ni kundi la Ia, na 5 hadi 50 ni Ib; yote mawili hupewa rangi nyekundu. Zaidi ya 50 hadi 2000 ni kundi la II, la njano. Bluu ni ya kundi la III, lililo juu ya 2000, na kijani ni ya zile zinazofika 5000 na kuendelea. Njano, basi, imebeba uwanja mpana mno: dawa ya 60 na dawa ya 1900 huvaa rangi moja.

Turudi kwenye zile chupa mbili. Lambda-sihalotrini ikiwa safi ina LD50 ya takriban 56, na profenofosi takriban 358. Kwa hesabu hiyo lambda ndiyo kali. Lakini mkulima hanunui kiini kitupu cha sumu. Ananunua kiini kilichochanganywa na viyeyusho. Ili kukadiria ukali wa kilicho chupani, LD50 ya kiini huzidishwa kwa 100, kisha hugawanywa kwa asilimia ya kiini. Dawa ya lambda ya asilimia 5 inatoa 56 × 100 ÷ 5, yaani 1120. Profenofosi ya asilimia 72 inatoa 358 × 100 ÷ 72, yaani karibu 497. Chupa ya profenofosi ndiyo kali zaidi, ingawa kiini chake ni dhaifu.

Hesabu hii ndiyo inayoonyesha saa ya hatari kubwa. Tuseme lebo inaagiza mililita 40 kwa bomba la lita 20. Kilichomo ndani ya bomba ni hafifu mara 500 kuliko kilichomo chupani. Hata hivyo, wakulima wengi huchanganya dawa mikono mitupu, kisha huvaa glavu wakati wa kupulizia. Glavu, miwani na aproni zivaliwe kabla kizibo hakijafunguliwa. Glavu ziwe za mpira wa nitrili, maana za kitambaa hunyonya dawa na kuishikilia kwenye ngozi.

Bomba linalovuja nalo lisipuuzwe. Watafiti waliopima parathioni, sumu ya jamii moja na profenofosi, walikuta ngozi ya paji la uso hupitisha takriban mara nne ya ngozi ya mkono wa mbele, na ngozi ya korodani karibu mara kumi na mbili. Anayepulizia huku bomba linamtiririkia mgongoni hadi suruali inalowa amefungua mlango mpana kuliko wote. Aweke bomba chini, avue nguo, aoge kwa sabuni. Akianza kutoka jasho jingi, mate na machozi, mboni za macho zikisinyaa, apelekwe hospitali pamoja na lebo, asilazimishwe kutapika.

LD50 ina mipaka yake. Haisemi lolote kuhusu madhara yanayojikusanya kwa miaka, wala kama kuna dawa ya kuokoa aliyekwisha kunywa sumu. Parakwati iko kundi la II, mstari wa njano, lakini haina dawa ya kuiondolea makali mwilini na huharibu mapafu kwa siku kadhaa.

Kwa hiyo mwanafunzi asiishie kwenye rangi. Asome jina la kiini na asilimia yake, apige hesabu, kisha avae glavu kabla ya kugusa kizibo.