Mwanga Kuzunguka Mwili: Wasoma Aura Wanaona Nini?

Msoma aura hakutazami kama mtu anayekusalimia. Macho yake huyatuliza karibu na paji la uso wako au juu kidogo ya bega, akakaza bila kupepesa, na mara nyingi nyuma yako kuna ukuta mtupu na chumba kina mwanga hafifu. Baada ya muda anaanza kusimulia. Wengi husema kwanza hutokea ukungu mweupe uliogandamana na mwili, upana wake kama vidole viwili au vitatu, kisha nje yake hufuata ukanda mpana wenye rangi. Rangi hizo ndizo anazozisoma: nyekundu ni hasira, njano ni akili, bluu ni ucha Mungu, waridi ni upendo, kijivu ni huzuni. Watu hudhani orodha hiyo ni ya kale sana. Kwa sehemu kubwa ilienezwa na Charles Leadbeater, Mwingereza wa Chama cha Theosofia, katika kitabu alichokitoa mwaka 1902 kikiwa na picha za rangi za miili iliyozungukwa na mawingu ya mwanga.

Kuna wanaosikia habari hizi wakasema wote ni waongo, mjadala ukaishia hapo. Mimi siafiki. Matapeli wapo, hasa wale wanaoona doa jeusi kwenye aura ya mteja kisha wakamtajia bei ya kulisafisha. Lakini mtu aliyetulia akatazama, akauona mwanga, ameuona kweli. Swali la maana ni kwamba mwanga huo uko wapi. Uko kwenye mwili unaotazamwa, kama uga wa nishati unaomzunguka mtu, au uko kwenye macho na ubongo wa anayetazama? Jambo hilo linapimika, na limeshapimwa.

Mmoja wa waliojaribu mapema alikuwa daktari Walter Kilner, aliyewahi kusimamia tiba ya umeme katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas jijini London. Yeye hakuvutiwa na mambo ya mizimu. Aliamini mwili hutoa miale isiyoonekana, na kwamba jicho likiandaliwa vizuri litaiona. Alichukua rangi ya bluu nzito iitwayo disayanini, akaiyeyusha kwenye alkoholi na kuifungia kati ya vioo viwili. Mtazamaji alitazama mwanga wa mchana kupitia vioo hivyo kwa nusu dakika au zaidi, kisha akaviweka kando na kumgeukia mgonjwa aliyevua nguo, akiwa amesimama mbele ya kitambaa katika chumba chenye mwanga mdogo. Kilner aliona tabaka tatu za ukungu, na akadai umbo lake hubadilika mtu akiugua. Aliyaandika yote hayo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1911.

Kinachonishangaza zaidi katika kazi yake ni hatua iliyofuata. Kilner alikuwa na vipande vya karatasi vya rangi kali. Alikitazama kimoja mpaka macho yakachoka, halafu akamtazama mgonjwa, na ukanda wa rangi iliyo kinyume na ile ya karatasi ukatokea juu ya mwili. Pale ukanda ulipobadilika rangi, alihesabu kuwa pana ugonjwa. Yaani alijua fika kwamba macho yaliyochoka hutengeneza rangi yenyewe, akaitumia rangi hiyo kama kipimo, wala hakujiuliza vya kutosha kama ule ukungu wake wa kwanza nao haukuzaliwa kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1912 jarida la madaktari wa Uingereza liliipitia kazi yake na kusema halikushawishika.

Tuangalie basi jicho linafanya nini. Kwenye retina, lile tando la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, kuna aina tatu za seli za rangi, na kila aina huitika zaidi kwa sehemu yake ya mwanga. Ukikaza macho kwenye kitu chekundu, seli zinazoitika kwa wekundu huchoka. Mwanga mweupe ukiangukia sehemu hiyo hiyo ya retina, seli nyingine zinaitika kwa nguvu kuzishinda zile zilizochoka, nawe unaona kijani chenye ubluu. Isitoshe, jicho halitulii kabisa hata ukilikaza vipi. Linatikisika kidogo sana bila wewe kujua. Kwa hiyo ile sehemu iliyochoka huteleza na kupita mpaka wa kile unachokitazama, na pale pembeni, juu ya ukuta, hujitokeza ukingo mwembamba wa rangi ya kinyume. Ukingo huo hupanuka na kusinyaa kadiri macho yanavyotikisika. Ndiyo maana mtazamaji huona mwanga unaocheza kama kitu chenye uhai.

Unaweza kujaribu mwenyewe nyumbani. Mkalishe mtu aliyevaa shati jekundu lisilo na maua mbele ya ukuta mweupe, wewe ukae umbali wa kama mita mbili. Chagua nukta moja kwenye shati, karibu na bega, ukaze macho hapo kwa sekunde 30 hadi 40. Utaanza kuona ukingo wa kijani na bluu ukilifuata shati. Sasa, bila kuhamisha macho, mwambie asogee pembeni. Kama mwanga ni wake, utaondoka naye. Hauondoki. Unabaki palepale ukutani, tena kifua kizima kikiwa kimejazwa rangi hiyo. Hamisha macho kuelekea dari, nao unahamia darini. Mbadilishie shati la bluu, na utapata ukingo wa njano. Halafu litundike shati tupu kwenye henga, bila mtu ndani, nalo litakuwa na aura yake.

Ule ukungu mweupe uliogandamana na mwili una sababu ya karibu na hiyo. Mtu mwenye ngozi nyeusi au nywele nyeusi akiwa mbele ya ukuta mweupe, pale weusi unapokutana na weupe mishipa ya fahamu ya jicho huikuza tofauti ili mpaka uonekane vizuri. Upande wa mwanga huonekana una mwanga zaidi ya ulivyo. Ukiongeza uchovu wa seli, unapata utepe mweupe kuzunguka kichwa.

Lakini maelezo haya hayamtoshi kila mtu. Wapo wanaosema hawahitaji kukaza macho wala ukuta mweupe. Rangi huja mara moja, na kwa mtu fulani huwa ileile miaka nenda miaka rudi. Hawa nao wamechunguzwa, na wengine wao wana hali iitwayo sinesthesia, ambapo hisia moja huamsha nyingine ndani ya ubongo, kama vile kuona herufi zilizochapwa kwa wino mweusi zikiwa na rangi. Mwaka 2012 Vilayanur Ramachandran na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliandika habari za kijana wa miaka 23 aliyeona vivuli vya rangi kuzunguka nyuso za watu. Kijana huyo alikuwa na hali ya Aspaja, na tangu utotoni ilimwia vigumu kutambua hisia za wengine. Mama yake alimshauri aipe kila hisia rangi yake. Baadaye rangi zikaja zenyewe, na ya mtu mmoja mmoja ilijengeka kadiri alivyozidi kumfahamu.

Watafiti walitaka kujua kama anaziona kweli au anazisimulia tu. Walimsimamisha mtu ambaye kijana alisema ana kivuli cha bluu, wakamwonyesha herufi za rangi mbalimbali ndani ya eneo la kivuli hicho. Herufi ya bluu ilimchelewesha kuitambua, kana kwamba ilimezwa na rangi iliyokuwapo tayari. Jambo kama hilo ni gumu kuigiza.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha suala zima. Kwa mtu wa namna hiyo rangi si porojo, na inaweza hata kusema kweli. Akiona wekundu kwako siku uliyokasirika, hajakosea. Ila habari hiyo haikutoka kwenye uga wa nishati unaokuzunguka. Aliipata kwenye kipaji chako kilichokunjamana, sauti yako iliyokazana na yale anayoyakumbuka juu yako, kisha ubongo wake ukamletea jibu kwa rangi kabla hajalipata kwa maneno. Jamie Ward, mtafiti wa Uingereza, mwaka 2004 alieleza habari za mwanamke aliyeona rangi kwa majina ya watu aliowajua na maneno yenye uzito wa hisia kwake. Kilichowasha rangi kilikuwa uzito wa moyoni mwake mwenyewe.

Kama ni hivyo, aura inapaswa kutoweka pale msomaji anaponyimwa uso na sauti. Mwanasaikolojia Charles Tart alipendekeza jaribio rahisi: mfiche mtu nyuma ya kizuizi, mwili usionekane lakini pembeni yake ukungu unaosemwa uweze kuchomoza. Watafiti wawili wa Iceland, Loftur Gissurarson na Asgeir Gunnarsson, walifanya jaribio la aina hiyo na kulichapisha mwaka 1997. Walisimamisha vizuizi 4, mtu akajificha nyuma ya kimoja kilichochaguliwa kwa bahati nasibu, na wanaoona aura wakaulizwa yuko wapi. Anayebahatisha tu hupata mara moja katika kila nne. Wasoma aura hawakuvuka kiwango hicho kwa maana, wala hawakuwashinda watu wa kawaida waliowekwa kulinganishwa nao.

Mwili wenyewe hutoa mwanga, hilo ni kweli. Mwaka 2009 watafiti wa Japani wakiongozwa na Masaki Kobayashi walipiga picha za wanaume katika giza totoro kwa kamera iliyopoozwa sana, wakanasa mwanga unaotokana na kemia ya seli. Uso uling'aa kuliko kifua, na mwanga uliongezeka alasiri. Lakini ni hafifu mara 1,000 kuliko kile ambacho jicho la binadamu linaweza kukihisi, kwa hiyo si huo unaoonwa na msoma aura sebuleni.

Kuna kundi jingine linaloona mwanga, nalo halifai kupelekwa kwa msoma aura. Mwenye kipandauso anaweza kuona mistari ya mwanga iliyokunjwa kama meno ya msumeno ikitambaa mbele ya macho kwa dakika 5 hadi 60 kabla ya kichwa kuuma. Mwenye mtoto wa jicho huona miduara kuzunguka taa za magari usiku. Na anayeona pete za rangi za upinde wa mvua kuzunguka balbu, huku jicho likiuma na kuwa jekundu, kichwa kikigonga na kichefuchefu kikimpanda, huenda presha ya jicho lake imepanda ghafla. Huyo afikishwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, kwa sababu mshipa wa kuonea unaweza kufa ndani ya muda mfupi na ukishakufa haurudi.