Usiku Imejaa, Asubuhi Ina Nafasi

Usiku wa kwanza mwenzangu kushika zamu, simu yake iliita saa nane na robo. Ripoti ya mauzo ilikuwa imekufa. Alipofungua kompyuta na kutazama diski ya seva, alikuta gigabaiti 20 ziko wazi. Akaniandikia: "Kaka, mbona nafasi ipo?" Kosa lilikuwa langu. Katika maelezo ya makabidhiano niliandika mstari mmoja tu: "Ripoti ya usiku hujaza diski." Sikumwambia kwamba diski hiyo hujisafisha yenyewe.

Chukua mwenye duka anayepanga risiti za mwaka mzima kwa majina ya wateja. Meza yake ni ndogo, kwa hiyo anapanga fungu moja, analiweka sakafuni, anachukua jingine. Mwisho anayaunganisha mafungu yote. Kanzidata hufanya vivyo hivyo. Meza ni memori iliyotengewa kazi ya kupanga. Kwa PostgreSQL, tuliyokuwa tukiitumia, huwa ni megabaiti 4 usipoibadilisha. Sakafu ni diski, na mafungu ni mafaili ya muda. Kazi ikiisha, au ikikatika kwa kukosa nafasi, kanzidata hufagia mafaili hayo papo hapo. Ndiyo maana anayefika dakika moja baadaye hukuta sakafu nyeupe.

Ushahidi unaobaki ni mstari wa logi:

```
ERROR: could not write to file "base/pgsql_tmp/pgsql_tmp4711.3": No space left on device
```

Neno la kushika hapo ni `pgsql_tmp`, yaani kilichokosa nafasi ni faili la muda. Namba 4711 ni ya mchakato ulioliandika, na kwa namba hiyo unajua ni kazi ya nani.

Mwenzangu aliutafuta mstari huo kwenye saa nane usiku asiuone. Seva yetu ilihesabu saa kwa UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Saa nane na dakika kumi na nne za usiku kwetu, kwenye logi ni 23:14, tena tarehe ya jana. Ukiongeza na desturi yetu ya kuhesabu saa kuanzia alfajiri, mtu aliyekatishwa usingizi anapotea kabisa. Tangu siku hiyo naandika saa zote mbili.

Kwa nini ripoti ilianza kufa wakati miezi ya nyuma ilipita salama? Ilisoma mauzo yote tangu siku ya kwanza, na kila safu iliburuza maelezo marefu ya bidhaa ambayo ripoti haikuyaonyesha. Safu zilipofika milioni 60, kila moja kama baiti 400, mzigo wa kupanga ukawa gigabaiti 24. Sakafu ina 20. Na kwa kuwa mauzo yapya yaliingia kila siku, usiku uliofuata haungekuwa na nafuu.

Mkono hukimbilia kuongeza memori ya kupanga kwa seva nzima. Mimi sishauri. Kiwango kile hakigawanywi kwa wote. Kila kazi ya kupanga, kwa kila aliyeunganishwa, inaweza kukichukua chote, na memori ikiisha seva nzima huanguka. Kufuta mafaili kwa mkono ni hatari zaidi, maana pembeni ya yale ya muda yamo yanayobeba data yenyewe.

Maelezo niliyoyaandika upya yalikuwa hivi:

"Saa 8:00 usiku (23:00 UTC) ripoti inaanza. Ikifa, usiirudie kabla ya asubuhi. Itajaza diski tena, na dakika zile hata mauzo ya kawaida hayataandikika. Ikiwa bado inakimbia na nafasi imeshuka chini ya gigabaiti 5, tafuta namba yake kwenye `pg_stat_activity`, kisha uisimamishe, ukiweka namba hiyo badala ya 4711:

```
SELECT pg_cancel_backend(4711);
```

Mafaili yatafutika yenyewe. Usifute chochote kwa mkono. Mhasibu anaihitaji ripoti saa 3:00 asubuhi. Mjulishe mapema kwamba itachelewa. Nafasi isiporudi baada ya kuisimamisha, tatizo ni jingine: niamshe."

Pia tulimwekea mtumiaji wa ripoti kikomo, ili ikizidi ife peke yake bila kuwabana wengine:

```
ALTER ROLE ripoti SET temp_file_limit = '15GB';
```

Kikomo hakikuiponya ripoti. Kilichoiponya ni kuyaondoa yale maelezo ya bidhaa, safu ikabaki na baiti kama 60 na mzigo ukashuka hadi gigabaiti 3.6. Mwenzangu ndiye aliyeyaona, mchana, akiisoma ripoti mstari kwa mstari.